Kilima kimoja au viwili? Upana wa kundi katika histogramu

Swali: *Shikamoo mwalimu. Tunajifunza R na tumepewa data ya `faithful`, safu ya `waiting`. Mimi nimechora histogramu bila kubadili chochote, nikapata vilima viwili. Mwenzangu ameandika `breaks = 3`, akapata kilima kimoja kizuri kilicholingana pande zote mbili. Anasema changu kimeharibiwa na makundi mengi mno. Data ni ileile. Nani yuko sahihi, na upana wa kundi unachaguliwaje?*

Marahaba. Vilima viwili vipo kweli, kwa hiyo mchoro wako ndio unaosema ukweli wa data hii. Lakini umeupata kwa sababu upana ambao R imekuchagulia umeangukia mahali pazuri, na siku nyingine hautaangukia. Kwa hiyo tufuate namba zenyewe hadi uone kilima cha mwenzako kimetoka wapi. Ukishaliona hilo, kuchagua upana hakutakusumbua tena.

Data hii inahusu Old Faithful, chemchemi ya maji moto iliyoko katika hifadhi ya Yellowstone, jimbo la Wyoming, Marekani, ambayo kila baada ya muda hurusha maji na mvuke juu. Kuna mistari 272. Safu ya `waiting` ni muda wa kusubiri hadi mlipuko unaofuata, kwa dakika kamili, kuanzia 43 hadi 96. Hakuna nusu dakika, na hilo litakuwa na uzito huko mbele. Amri yako ya kawaida imegawa dakika hizo katika makundi ya dakika 5, kuanzia 40 hadi 100. Hesabu za makundi unaweza kuziomba bila kuchora:

```r
hist(faithful$waiting, plot = FALSE)$counts
# 4 22 33 24 14 10 27 54 55 23 5 1
```

Ziandike namba hizi 12 kwenye karatasi. Kundi la kwanza ni dakika 41 hadi 45, la pili 46 hadi 50, na kuendelea hivyo hadi 96 hadi 100. Hesabu zinapanda hadi 33, zinashuka hadi 10, zinapanda tena hadi 55, kisha zinakwisha. Hivyo ndivyo vilima vyako viwili, na bonde lao liko kati ya dakika 60 na 70.

Sasa fanya alichofanya mwenzako, ila kwa kalamu. Kwa data hii `breaks = 3` huzaa makundi matatu ya dakika 20: juu ya 40 hadi 60, juu ya 60 hadi 80, na juu ya 80 hadi 100. Jumlisha namba nne za kwanza: 4 + 22 + 33 + 24 = 83. Nne za katikati: 14 + 10 + 27 + 54 = 105. Nne za mwisho: 55 + 23 + 5 + 1 = 84. Histogramu yake ni 83, 105, 84. Kilima kimoja, kimelingana kushoto na kulia, na kilele chake kimesimama katika kundi lilelile lenye bonde ndani yake.

Tazama kilichotokea katika kundi hilo la katikati. Limebeba sehemu tupu kuliko zote, ile yenye 14 na 10, lakini limebeba pia 54, ambayo ni karibu nusu ya kilele cha kilima cha kulia. Mpaka wa dakika 80 umepasua kilima kikubwa katikati na kutupa nusu yake moja ndani ya bonde, nusu nyingine upande wa pili. Nguzo ya histogramu inaonyesha jumla tu. Haisemi waliomo ndani yake wamekaa wapi. Kwa hiyo bonde limejazwa kwa hesabu ya jirani yake, na kulingana kwa pande mbili kulikomfurahisha mwenzako kumetokana na mahali mipaka ilipoangukia.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo ni kuacha upana uleule wa dakika 20 na kusogeza tu mahali pa kuanzia. Namba zako 12 zinatosha kwa hilo pia, kwa sababu mipaka ikisogea kwa hatua za dakika 5 unajumlisha makundi yaleyale kwa mafungu mengine:

```r
x <- faithful$waiting
for (a in c(25, 30, 35, 40))
  print(table(cut(x, seq(a, a + 100, by = 20))))
```

Ukiyaacha makundi matupu ya mwishoni, utapata hivi:

| Kuanzia dakika | Hesabu za makundi |
|---|---|
| 25 | 4, 93, 146, 29 |
| 30 | 26, 81, 159, 6 |
| 35 | 59, 75, 137, 1 |
| 40 | 83, 105, 84 |

Kila mstari unajumlisha 272. Wa kwanza unaonyesha kilima kimoja chenye kilele upande wa kulia. Wa pili unaonyesha mgawanyo wenye mkia mrefu wa kushoto unaokatika ghafla kulia. Wa tatu unapanda ngazi kwa ngazi halafu unaanguka. Wa nne ni kile cha mwenzako. Hakuna hata mmoja wenye vilima viwili, na hakuna miwili inayokubaliana. Umbo linalobadilika kwa sababu tu umesogeza mwanzo kwa dakika 5 haliwezi kuwa umbo la data. Hiki ndicho kipimo ninachokitegemea kuliko kanuni yoyote ya vitabuni: kabla ya kuamini umbo, sogeza mwanzo bila kugusa upana, kisha uone kama umbo linabaki.

Tupime upana mwingine kwa njia hiyohiyo. Kwa dakika 10, ukianzia 40 unapata 26, 57, 24, 81, 78, 6. Ukianzia 35 unapata 4, 55, 38, 37, 109, 28, 1. Urefu wa nguzo umebadilika, lakini hadithi ni ileile: kilima kidogo kushoto, bonde, kilima kikubwa kulia. Upana wa 10 umefaulu. Kwa dakika 15, ukianzia 40 unapata 59, 48, 136, 29, yaani bonde bado lipo ingawa kina chake ni kidogo. Ukianzia 30 unapata 4, 79, 51, 132, 6, na bonde linaonekana vizuri. Ila ukianzia 35 unapata 26, 71, 91, 83, 1, na hapo bonde limepotea kabisa. Dakika 15 ni upana wa bahati nasibu. Ukibahatika mwanzo mzuri utauona ukweli, usipobahatika utaukosa.

Kwa nini 10 ipone na 15 iyumbe? Ili bonde lionekane, lazima kuwe na angalau kundi moja lililolala lote ndani ya bonde, lisiloazima hesabu kutoka kwenye vilima. Mahali pa kuanzia pakiwa popote, kundi zima litakuwa na hakika ya kuingia ndani ya bonde pale tu upana wake usipozidi nusu ya upana wa bonde. Bonde letu, ukilihesabu pamoja na miteremko yake, linaanzia kama dakika 55 hadi 75, yaani dakika 20. Nusu yake ni 10. Ukilihesabu lile la chini kabisa, 60 hadi 70, nusu yake ni 5. Ndiyo maana 10 inalionyesha popote uanzie, na 5 inalionyesha hadi sakafu yake. Ukishajua kitu unachokitafuta kina upana gani, umeshajua kundi lisizidi upana gani.

Basi tupunguze zaidi? Hapa ndipo hoja ya mwenzako kuhusu makundi mengi mno ina uzito wake, ingawa haihusu mchoro wako. Chukua dakika 1 kwa kila kundi. Kutoka 43 hadi 96 ni makundi 54, na vipimo vya kugawana ni 272, wastani wa 5 kwa kundi. Hesabu ya kundi huyumba kwa bahati tu kwa kiasi cha karibu kipeuo cha pili cha hesabu yenyewe. Kwa kundi linalotarajiwa kuwa na 5, kipeuo hicho ni 2.2, kwa hiyo makundi mawili jirani yanaweza kuonyesha 3 na 8 bila chemchemi kuwa imefanya lolote tofauti katika dakika hizo. Mchoro utajaa vilele vidogo, na mtu mwenye hamu ya kugundua kitu ataanza kuvipa majina.

Kipeuo hichohicho kinakusaidia kusoma mchoro wako wa dakika 5. Tofauti kati ya 54 na 55 si kitu. Kila moja ingeweza kuwa zaidi au pungufu kwa 7. Usiseme kilele kiko katika kundi la 81 hadi 85 badala ya 76 hadi 80. Lakini kushuka kutoka 33 hadi 10 ni tofauti ya 23. Kuyumba kwa tofauti ya hesabu mbili ni kipeuo cha pili cha jumla yake, yaani kipeuo cha 43, ambacho ni karibu 6.6. Tofauti yako ni mara tatu na nusu ya hiyo, na upande wa kulia, kutoka 10 hadi 54, ni kubwa zaidi. Bahati haichimbi bonde la namna hiyo. Mjibu mwenzako kwa hesabu hii.

Kama hesabu haimtoshi, gawa data vipande viwili ovyo, kila kipande 136, na uchore vyote kwa mipaka ileile:

```r
i <- sample(272, 136)
b <- seq(40.5, 100.5, by = 5)
hist(x[i], breaks = b)
hist(x[-i], breaks = b)
```

Rudia mara kadhaa. Vilima viwili vitabaki katika kila nusu. Kisha weka `by = 1` na urudie: vilele vidogo vitahama, nusu moja ikionyesha hapa na nyingine pale. Kinachohama hivyo usikiandike kwenye ripoti.

Huenda umeshangaa kwa nini nimeanzia 40.5 na si 40. Data yetu ni dakika kamili, kwa hiyo mipaka ikiwa 45, 50, 55, kuna vipimo vinavyoangukia juu ya mpaka wenyewe, na lazima programu iamue viende upande gani. R huviweka kundi la kushoto: 45 huhesabiwa pamoja na 41 hadi 44. NumPy ya Python hufanya kinyume: 45 huhesabiwa pamoja na 46 hadi 49, isipokuwa kundi la mwisho kabisa ambalo hufungwa pande zote mbili. Watu wawili wenye data moja, upana mmoja na mwanzo mmoja wanaweza kupata hesabu tofauti na wakabishana bure. Mipaka yenye nusu inaondoa tatizo hilo, maana hakuna kipimo kinachoweza kukaa juu ya 45.5. Na kwa kuwa 40.5 hadi 45.5 ina dakika zilezile 41 hadi 45, utapata namba zako 12 bila mabadiliko, katika programu zote mbili.

Kuna mtego mbaya zaidi unaotokana na namba kamili, na huwa unawapata hata wazoefu. Ukimwambia NumPy akupe makundi 10, ambayo ndiyo idadi yake ya kawaida, atachukua 43 hadi 96 na kugawa kwa 10, kila kundi dakika 5.3. Inaonekana sawa kwa sawa, lakini hesabu dakika kamili zilizomo. Kundi la kwanza, 43 hadi 48.3, lina dakika 43, 44, 45, 46, 47 na 48, yaani sita. La pili, 48.3 hadi 53.6, lina tano tu. Ukienda hadi mwisho utakuta makundi manne yana dakika sita na makundi sita yana dakika tano. Yale manne yamepewa nyongeza ya asilimia 20 kabla chemchemi haijahesabiwa chochote. Ukiomba makundi 40, upana unakuwa dakika 1.325, makundi 14 yanapata dakika mbili mbili na 26 yanapata moja moja, na mchoro unatoka na nguzo ndefu na fupi zikipishana kama meno ya kitana kilichovunjika. Ukiona meno ya namna hiyo, yenye kupishana kwa mpangilio, usitafute sababu katika maumbile. Tazama kwanza vipimo vimekadiriwa kwa hatua gani.

Dawa yake ni moja: upana wa kundi uwe kizidisho kamili cha hatua ya kipimo. Dakika kamili zinataka upana wa 2, 3, 4, 5, si 5.3 wala 1.8. Watumiaji wa ggplot2 wahadhari hapa, kwa sababu `geom_histogram()` huanza na `bins = 30`, na kwa data hii hilo ni karibu dakika 1.8 kwa kundi. Andika `binwidth = 5, boundary = 40.5` na shida imekwisha. Hatua ya kipimo nayo si lazima iwe ile iliyoandikwa. Katika `faithful` hiyohiyo, safu ya `eruptions` ina desimali tatu za dakika, lakini maelezo yake ndani ya R yanatahadharisha kwamba vipimo vya asili vilikuwa sekunde zilizokadiriwa sana, na vizidisho vya 5 vimejirudia kupita kiasi. Ndivyo ilivyo pia kwa umri katika dodoso nyingi za kwetu, ambako wengi husema miaka 30, 35, 40. Kundi la miaka 5 linalomeza mrundikano huo mzima ni salama; kundi la miaka 2 litaonyesha vilele ambavyo ni mazoea ya kukadiria.

Sasa kuhusu kanuni, kwa sababu najua mtaulizwa. Ya Sturges ya mwaka 1926 husema idadi ya makundi ni 1 + log2(n). Kwa 272 hiyo ni 9.09, inapandishwa kuwa 10. Ya Scott ya mwaka 1979 hutoa upana moja kwa moja:

```
h = 3.49 * s / n^(1/3)
```

Hapa `s` ni mkengeuko sanifu. Kwetu ni dakika 13.59, na kipeuo cha tatu cha 272 ni 6.48, kwa hiyo upana ni dakika 7.3. Ya Freedman na Diaconis ya mwaka 1981 huweka `2 * IQR` mahali pa `3.49 * s`, yaani mara mbili ya umbali kati ya robo ya kwanza na robo ya tatu. Robo zetu ni 58 na 82, umbali 24, upana unatoka 7.4. Histogramu ya Excel nayo, ukiiacha ijichagulie, hutumia ya Scott.

Ninachotaka ukione ni dhana iliyojificha ndani ya kanuni hizo. Scott alitafuta upana unaofaa pale data inapokuwa na kilima kimoja cha umbo la kengele, na Sturges naye alianzia kwenye umbo la namna hiyo. Yetu ina vilima viwili. Mkengeuko wa 13.59 haupimi upana wa kilima chochote. Kwa sehemu kubwa unapima umbali kati ya vilima. Ukivitenganisha, kimoja kinakaa karibu na dakika 54.6 na kingine karibu na 80.1, na kila kimoja kina mkengeuko wa karibu 5.9 tu. Weka 5.9 katika kanuni ya Scott pamoja na 98, ambayo ni karibu idadi ya vipimo vya kilima kidogo, unapata dakika 4.5, kwa kilima kikubwa chenye karibu 174 unapata 3.7. Yaani upana ufaao ni dakika 4 hivi, na kanuni ilikupa zaidi ya 7 kwa sababu ilidhani kuna kilima kimoja kipana. Kosa la kanuni hizi huelekea upande mmoja pale data inapokuwa na makundi ya ndani: hupanua kupita kiasi, hivyo huficha kilekile ambacho ungetaka kukiona. Zichukue kama kikomo cha juu, kisha shuka.

Na usidhani R inakutii unapoitajia kanuni au idadi. Namba moja ndani ya `breaks` ni pendekezo tu. R huipeleka kwa `pretty()`, nayo hutafuta hatua ya mviringo kama 2, 5, 10 au 20. Kwa data hii, `breaks = 7` inakupa makundi 6 ya dakika 10, na `breaks = 8` inakupa makundi 12 ya dakika 5. Ukiandika `"Sturges"`, `"Scott"` au `"FD"`, zote tatu zinaishia dakika 5 na mchoro mmoja. Nimeona watu wakitoa hitimisho kwamba kanuni tatu zimekubaliana, kumbe mviringo ndio uliokubaliana. Ukitaka upana wako uheshimiwe, toa mipaka yote kwa `seq()`.

Kwa hiyo, kwa data ya ukubwa huu, fanya hivi. Anza kwa kujua hatua halisi ya vipimo. Kokotoa upana wa Freedman na Diaconis, ushushe hadi kizidisho cha karibu cha hatua hiyo, kwetu 7.4 inashuka kuwa 7. Chora kwa upana huo, kwa nusu yake, na kwa mara mbili yake, kwa mfano 7, 4 na 14, na kila upana uuanzie sehemu mbili au tatu. Tumia `freq = FALSE` unapolinganisha, kwa sababu nguzo za kundi pana hurefuka zenyewe kwa kubeba hesabu nyingi. Ukigawa hesabu kwa n na kwa upana, eneo la mchoro mzima huwa 1 na michoro inalinganishika. Kinachobaki katika upana mwembamba na wa kati, popote uanzie, kichukue. Kinachoonekana kwenye mwembamba peke yake kiache. Kinachoonekana kwenye mpana peke yake, kama kilima cha mwenzako, kitilie shaka.

Kuna mchoro mwingine usiohitaji makundi kabisa, nao ni mwamuzi mzuri wa ubishi: `plot(ecdf(x))`. Unaonyesha, kwa kila dakika, ni sehemu gani ya data imeshapita. Mahali penye vipimo vingi mstari hupanda kwa kasi, mahali patupu hulala. Kwetu kati ya dakika 60 na 70 mstari unapanda kutoka asilimia 30.5 hadi 39.3, chini ya 9 kwa dakika kumi. Kati ya 75 na 85, dakika kumi vilevile, unapanda asilimia 40. Mgawanyo wa kilima kimoja hauwezi kupanda, kulala katikati, halafu kupanda tena.

Na mwisho, vilima vikiwa vya kweli mara nyingi kuna kitu kingine kinachovitenganisha, nacho kwenu kimo katika ile safu nyingine, `eruptions`. Gawa data kwa urefu wa mlipuko uliotangulia, mpaka ukiwa dakika 3:

```r
tapply(x, faithful$eruptions < 3, mean)
```

Milipuko mifupi ni 97, na baada yake kusubiri ni wastani wa dakika 54.5. Milipuko mirefu ni 175, na baada yake kusubiri ni wastani wa dakika 80. Chora histogramu mbili, moja kwa kila fungu, kwa mipaka ileile ya dakika 5, na kila moja itatoka na kilima chake. Mwoneshe mwenzako pia wastani wa data nzima, dakika 70.9. Katika mchoro wake wa 83, 105, 84 wastani huo unaonekana kama muda wa kawaida wa kusubiri. Kwenye mchoro wako umesimama ukingoni mwa bonde, karibu na dakika ambazo chemchemi hailipuki mara nyingi.

Mnapoandika ripoti, chini ya mchoro taja mambo manne: idadi ya vipimo, upana wa kundi, mahali makundi yanapoanzia, na upande ambao kipimo cha mpakani kimehesabiwa. Bila hayo msomaji hawezi kuchora tena mlichochora.